Mstari wa Ndugu Kwenye Fomu

Jina la Néhémie Wilondja lilibandikwa ukutani mwa kampuni ya Barafu Ziwa, pale Baraka, siku ya Alhamisi. Kufika Jumapili kanisa zima la Lweba lilikuwa limekwisha kumshukuru Mungu kwa kazi ambayo hakuwa ameipata.

Tuseme ukweli, kosa la kwanza halikuwa lake. Karatasi ile ilikuwa orodha ya watu watano walioitwa kwenye mahojiano, basi. Lakini nani alijisumbua kusoma kichwa cha karatasi? Mtu mmoja wa Lweba alipita pale, akaona jina la mtoto wa kwao liko juu kabisa, akapiga picha kwa simu na kuituma nyumbani. Mama yake Néhémie hakusoma sana, ila jina la mtoto wake alilijua hata likiandikwa kwa kucha. Jumapili akatoka mbele ya kanisa na sinia la mikeke, samaki wa ziwa letu, kichwani, anacheza, kwaya inampigia ngoma, na mchungaji akamwomba kijana mwenyewe asimame watu wamwone. Naye Néhémie, mtu wa miaka ishirini na tisa, mwenye diploma ya chuo na akili zake timamu, akasimama. Akainamisha kichwa kama bwana harusi. Hapo ndipo kosa likawa lake.

Alijiambia kwamba ni suala la siku mbili tu. Mahojiano yalikuwa Jumanne, jaribio la maandishi alikuwa amelifanya vizuri kuliko wote, basi kazi si yake tayari? Kazi yenyewe ilikuwa ya mkuu wa depo: kiti, meza, funguo za chumba cha baridi, na watu wawili wa kuwatuma. Kampuni ile ilitengeneza barafu kwa umeme wa jua, ikanunua samaki wabichi kutoka kwa wamama wa kando ya ziwa, ikawapeleka Uvira wakiwa bado wabichi. Néhémie alishajiona mlangoni mwa depo, kalamu mfukoni.

Jumatatu iliyofuata barua ikaja kwenye simu yake. Alikuwa kwa rafiki yake Placide, mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Baraka. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu. Ilimshukuru kwa muda wake, ikasema mtu mwingine amechaguliwa, ikamtakia mema. Akaisoma mara tatu, kama vile mara ya tatu maneno yangebadilika.

Hakufikiria kiti wala funguo, alifikiria sinia la mikeke. Alifikiria mama yake akikata kiuno mbele ya watu kwa ajili ya karatasi ambayo yeye, msomi, ndiye aliyepaswa kumsomea.

Placide, ambaye hana mdomo wa kufunga, alimwuliza sasa atawaambia nini watu wa Lweba. Néhémie akasema hawaambii kitu, atakwenda Kalemie, atakwenda Lubumbashi, atapotea. Placide akamwacha amalize kupotea kwake, halafu akamwonyesha karatasi nyingine aliyokuwa ameitoa fotokopi asubuhi ile ile. Ilikuwa ofa, yaani tangazo la kazi, ya kampuni hiyo hiyo, namba nyingine: mpokeaji wa samaki, kituo cha Lweba. Kupima, kukagua, kuandika, kuweka kwenye barafu. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa. Placide akasema si wamemkataa kwa kazi moja tu, hawajamkataa yeye. Aende awaombe wamfikirie kwa hii.

Néhémie aliitazama karatasi ile kama mtu aliyepewa sahani baada ya wageni kumaliza kula. Kupima samaki Lweba! Kazi yenyewe iliomba diploma ya sekondari tu. Na Lweba, jamani, Lweba ya kila siku, pwani ile ile ambako mama yake aliuza samaki tangu yeye hajaota meno.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho Néhémie mwenyewe hakupenda kukisema hata akiwa peke yake. Alimwonea mama yake aibu. Alimpenda, ndiyo, angempiga mtu kwa ajili yake. Lakini alimwonea aibu. Ilianza Bukavu, chuoni, wenzake walipomtania kwamba begi lake linanuka ndagala, dagaa wa kwetu. Akajifunza kusema kwamba nyumbani ni watu wa shamba. Siku ya kupokea diploma mama alisafiri siku mbili, akaja na kitenge kipya na kifurushi cha samaki wakavu kwa ajili ya walimu. Rafiki mmoja aliuliza huyu mama ni nani. Néhémie akajibu haraka, kwa sauti ya chini, kwamba ni jirani wa kwao, ametumwa kumletea salamu. Mama alikuwa hatua nne kutoka pale, anakunja kifurushi chake. Hakugeuka. Miaka mitano sasa Néhémie alikuwa akijiapia kwamba hakusikia.

Kwa hiyo alipojaza fomu ya Barafu Ziwa mara ya kwanza, akafika kwenye mstari unaouliza kama ana ndugu anayeiuzia kampuni samaki, jina na uhusiano, hakusita hata kidogo. Mama yake alikuwa kwenye daftari la kampuni tangu kituo cha Lweba kifunguliwe. Néhémie akaandika lile neno la Kifaransa ambalo kwetu kila mtu huliandika kwenye fomu akiwa hana cha kusema: néant. Hakuna. Akajiambia anaogopa wataona upendeleo. Huyu hakuogopa upendeleo. Hakutaka tu watu wa buro, wenye kompyuta na viyoyozi, wajue kwamba mkuu wa depo ametoka kwenye beseni la samaki.

Jumanne asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi akaenda kwenye kampuni. Alikuwa amewaza kumtuma mchungaji akamwombee, kama watu wanavyofanya, mkubwa aende kuongea na mkubwa. Placide ndiye aliyemkataza. Alisema ukimtuma mchungaji, wale wa kampuni watajua huwezi kusimama mwenyewe.

Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Espérance, mama wa Uvira, mtu wa miaka hamsini hivi, miwani yake inaning'inia kwa uzi shingoni. Alimpokea bila kumfanyia mzaha, na hilo lilimwumiza Néhémie zaidi, maana alikuwa amejiandaa kwa dharau. Alimsalimia, akasema amepokea barua, anashukuru, na kama inawezekana angependa kujua alipungukiwa wapi. Sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Espérance alifungua faili. Akamwambia kwamba kwenye hesabu na maandishi alikuwa wa kwanza. Aliyechukuliwa amefanya kazi ya depo miaka minne, ndiyo tofauti. Na tena, akasema, walipomwuliza kuhusu samaki mwenyewe, namna ya kumjua aliyelala na aliyevuliwa leo, Néhémie alijibu kama kitabu. Walitaka mtu aliyeshika samaki.

Hapo Néhémie alitamani ardhi ipasuke. Aliyeshika samaki! Tangu akiwa na miaka saba alikuwa anafungua mashavu ya samaki kuangalia damu, anabonyeza tumbo, anachambua mchanga kwenye ndagala. Angeweza kuwajibu akiwa amefumba macho. Lakini siku ile ya mahojiano alikuwa amekaa wima, anazungumza juu ya mnyororo wa baridi na viwango vya ubora, kusudi asinuke.

Akasema anaomba afikiriwe kwa ile kazi ya Lweba.

Espérance alivaa miwani, akamtazama vizuri. Akauliza kama anajua kwamba kazi ile ni ya chini kuliko aliyoomba, kwamba ni kusimama kwenye mchanga tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, si kukaa kwenye kiti. Watu wenye diploma kubwa huichukua kazi kama hiyo, wakapata nyingine baada ya miezi miwili, wakaondoka. Je, atabaki? Néhémie akasema atabaki. Na safari hii hakuwa anadanganya, maana alikuwa analiona kanisa lile, kwaya na ngoma zake, na alijua kwamba akipata kazi yoyote yenye jina la Barafu Ziwa, mama yake hatakuwa amecheza bure.

Basi Espérance akamweleza utaratibu. Ofa ya kwanza imefungwa, haifunguki tena. Hii ya pili ni ofa yake peke yake, ina namba yake, na hawezi kumhamisha tu kama mzigo. Aandike barua mpya, ataje namba ya ofa mpya, aseme wazi kwamba aliomba ile nyingine hakupata, na aeleze kwa nini anaifaa hii. Asilie kwenye barua. Hati za shule zipo kwenye faili, hakuna haja ya kuzitoa fotokopi tena. Atashindana na wengine kama kawaida, hakuna aliyeahidiwa kitu.

Halafu akachomoa karatasi mbili kwenye faili, akazigeuza upande wa Néhémie. Ilikuwa ile fomu. Akasema: "Na hii tunaweza kuitumia tena. Kama kuko kitu kilibadilika, nitakupa ingine ujaze. Kama hakuna, inabakia ile ile. Iko vile vile?"

Néhémie aliona mwandiko wake. Aliona néant, imekaa kwenye mstari wake, safi, herufi nzuri za msomi. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, jamani. Ilihitajika pumzi moja tu. Lakini kusema sasa ni kusema kwamba mara ya kwanza alidanganya. Mtu anakuja kuomba afikiriwe tena, anaanza kwa kuonyesha uongo wake?

"Iko vile vile," akasema.

Barua aliiandika kwa Placide mara nne. Ya kwanza ililia, Placide akaichana. Ya pili ilijisifu. Ya tatu ilizungumza tena juu ya mnyororo wa baridi. Ya nne ilisema kwamba aliomba ukuu wa depo akakosa, kwamba ameelezwa sababu na anaikubali, kwamba amekulia kando ya ziwa na anajua samaki kwa mikono, si kwa karatasi tu, na kwamba anaomba afikiriwe kwa nafasi ya mpokeaji. Ilikuwa barua nzuri. Kila neno lilikuwa kweli, na lile moja lililokosekana Placide hakulijua. Akaipeleka Alhamisi, mlinzi akamwandikia siku ya kupokea kwenye nakala yake.

Juma lililofuata majina matatu yakabandikwa ukutani. Safari hii Néhémie alisoma kichwa cha karatasi kwanza: watu waitwao kwenye jaribio la vitendo, kituo cha Lweba, Jumamosi, saa moja ya asubuhi. Kila mmoja atawapokea wauzaji wanne.

Alikwenda kwa mama yake Ijumaa mchana. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anasugua beseni kwa mchanga. Pwani yote ilimwita Mama Nehemi, kama kwetu mwanamke anavyoitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Jina la Marthe Riziki lilibaki kwenye kadi ya uchaguzi na kwenye daftari la kampuni tu. Wenzake walicheka kila mara likiitwa, kama vile limeitwa jina la mke wa mkubwa fulani wa serikali.

Néhémie alikaa kwenye kigoda. Alimweleza kwanza ukweli wa kwanza, kwamba ile kazi ya kanisani hakuipata. Mama aliendelea kusugua. Akasema alishajua, kwa sababu mtu aliyepata kazi haji nyumbani na viatu safi kila siku. Hakumkaripia. Halafu Néhémie akamweleza juu ya kazi ya pili, na akasema, huku anatazama vidole vyake, kwamba kampuni haipendi mtu mwenye ndugu wanaouza. Kwa hiyo, kesho, kama inawezekana, mama asitoke pwani.

Alisema kampuni haipendi. Hilo nalo alilitunga pale pale, kwenye kigoda.

Mama aliacha kusugua. Akauliza, kwa utaratibu kabisa, kama kwenye karatasi zao ameandika kwamba hana mama. Néhémie akasema si hivyo, ni mstari mmoja tu, unauliza mambo ya biashara. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa bei, akamwaga maji machafu.

"Ni muzuri," akasema. "Kesho nitabakia ku nyumba. Niko na nguo za kufua."

Jumamosi ziwa lilikuwa tulivu, mitumbwi ilikuwa imerudi na taa zake, wamama walikuwa wamekwisha kununua kwa wavuvi na kupanga mabeseni. Chini ya bati la kituo kulikuwa na mizani, masanduku ya barafu na meza. Espérance alikaa mezani na daftari. Aliyesimamia alikuwa Isidore, mkuu wa kituo, mtu aliyehamishwa kutoka Kalemie miezi miwili nyuma, ambaye aliwajua wamama kwa majina ya daftari tu na hakujua nani ni mama wa nani.

Néhémie alikuwa wa tatu. Alipovua saa yake na kushika beseni la kwanza, kitu fulani mwilini mwake kilikumbuka. Alipima beseni tupu kwanza, akaliandika. Akamwaga maji. Akapitisha mkono chini kabisa ya ndagala, akauleta juu, akasugua vidole kutafuta mchanga. Kwenye beseni la pili alifungua shavu la mukeke mmoja, kisha wa pili, akatenga sita waliolala, akamweleza mwenye samaki kwa nini, kwa heshima, na yule mama akakubali bila kelele. Isidore akamtazama Espérance, naye akaandika kitu. Néhémie aliona. Kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije, alipumua mpaka tumboni.

Wamama walikuwa watulivu sana kuliko kawaida yao. Hakuna hata mmoja aliyemwita mwana wetu. Walimwita musieur, yaani bwana, wakatazama pembeni, na Néhémie hakujiuliza kwa nini. Muuzaji wa tatu alipomaliza, foleni ikawa imekwisha. Siku ile samaki walikuwa wachache. Ilibaki beseni moja ili jaribio litimie.

Isidore akafungua daftari, akasema yule Marthe Riziki hajaonekana leo, na samaki wake ndio wazuri kuliko wote. Akamtuma mtu wa barafu akamwite nyumbani. Néhémie alisimama pale na mikono inayonuka, anahesabu masanduku ya barafu, saba, anayahesabu tena, saba.

Mama akaja. Hakuweza kukataa, wangemfuta kwenye daftari. Alikuwa amevaa kitenge cha kufulia, kichwani beseni la samaki aliowanunua kwa wavuvi alfajiri, na alipita katikati ya wenzake bila kumtazama mtu. Mwanamke mmoja, Rosette, ambaye huuza naye bega kwa bega, alifungua mdomo kumsaidia kushusha: "Pole pole, Mama Nehe..." akalimeza jina lenyewe, akakohoa, akaangalia ziwa. Hapo Néhémie akaelewa. Alikuwa amewaomba wote. Mama yake alikuwa amezunguka pwani, kabla ya jua, akawaomba wenzake wa miaka ishirini kwamba leo, kwa siku moja, wasimwite kwa jina la mtoto wake.

Marthe alishusha beseni mbele ya mizani. Alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye kitenge, na akamtazama Néhémie usoni kama anavyotazamwa mtu wa buro.

"Bonjour, musieur," akasema.

Si kwamba alisema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu, Néhémie angevumilia. Alisema vizuri, kwa heshima, alikuwa amefanya mazoezi. Na nyuma yake wanawake kumi na mmoja walikaa kimya kama kanisani, wote wanamsaidia kijana wao asiwe na mama.

Néhémie aliweka mkono kwenye beseni. Mikeke walikuwa wabichi, macho yanang'aa, wamepangwa vichwa upande mmoja kama alivyofundishwa yeye kuwapanga akiwa na miaka saba. Kilichobaki kilikuwa rahisi: kupima, kuandika, kusema asante mama, mama wa heshima, mama wa mtu yeyote. Espérance alishika kalamu akisubiri uzito. Kazi ilikuwa pale, aliiona kabisa, ilikuwa umbali wa beseni moja.

Akaondoa mkono.

"Siwezi kumupimia huyu," akasema. "Ni mama yangu. Ni mama aliyenizaa. Ku fomu niliandika hakuna, nilidanganya. Mara mbili."

Isidore alimtazama Espérance. Mtu wa barafu aliacha kupasua barafu. Espérance hakupandisha sauti. Alifungua faili, akatafuta karatasi mbili zile, akazilaza mezani na kuuliza kwa nini. Néhémie akasema aliogopa hawatamchukua. Mama wa Uvira akavua miwani. Akamwambia kwamba hapa Lweba, kati ya watu wa kampuni sita, wanne wana mama au dada anayeuza. Wameandika jina kwenye mstari, na ndugu yao akifika, mwingine anampimia. Ndiyo kazi ya mstari ule, basi.

Basi! Hakukuwa na kizuizi chochote. Aibu yote ile, miaka yote ile, Néhémie aliibeba mwenyewe, hakuna aliyemtwisha.

Espérance akampa kalamu. Akamwambia akate neno lile, aandike jina la mama, aweke sahihi na tarehe, kusudi faili isibaki na uongo. Néhémie aliandika akiwa ameinama juu ya meza, wamama wote wanaangalia: Marthe Riziki, mama. Herufi hazikuwa nzuri safari hii. Kisha Espérance akasema lililobaki, na alilisema bila ukali. Kwenye kupima alikuwa wa kwanza leo, na hilo ataliandika. Lakini fomu ya uongo inamtoa mtu, hata akiwa mzuri namna gani. Akimsamehe yeye, kesho atasema nini kwa wengine?

"Ofa ingine ikitoka na ukitaka kuomba, omba," akasema. "Ile siku utajaza fomu mupya."

Isidore alipima beseni la Marthe mwenyewe. Hakuna samaki hata mmoja aliyetengwa. Akaandika, akampa karatasi yake, akamwita Mama Riziki kwa heshima, na nyuma mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha kupumua baada ya kubanwa. Rosette ndiye aliyeanza. Akaita kwa sauti, pwani nzima isikie, Mama Nehemi asisahau kitambaa chake. Mwingine akamwita Mama Nehemi bila sababu yoyote. Walimrudishia jina lake kama watu wanaorudisha kitu walichoazima.

Néhémie alichukua beseni tupu, maji ya samaki yakamwagikia shatini, akaliweka begani. Walipanda njia ya mchanga pamoja, yeye mbele, mama nyuma. Alitaka kuomba msamaha kwa fomu, kwa kanisa, kwa kigoda cha jana. Alianza na fomu. Alisema mama, nimekosa, kazi imepotea na wewe nimekuaibisha mbele ya wenzako. Mama alikuwa anavuta pumzi ya kupanda.

"Ungenyamaza tu, Nehe, uchukue kazi yako," akasema. "Mi nilishazoea. Tangu Bukavu."

Néhémie alisimama pale pale njiani. Mama akampita, akaendelea kupanda pole pole, na alipofika juu akageuka kumngoja na beseni lake.